Barua ya wazi kwa wenyeviti wa majopo ya usaili: futeni alama za kujiamini, wekeni kazi mezani

Kwa wakurugenzi, maafisa utumishi na wenyeviti wa majopo ya usaili,

Salaam.

Naandika kuhusu mstari mmoja kwenye fomu ya alama. Mnaujua. Unakaa juu juu, chini ya jina na namba ya msailiwa, umeandikwa "Kujiamini na uwezo wa kujieleza", na mbele yake kuna alama 15, kwingine 20. Nimeujaza kwa miaka kumi na saba, kwanza nikiwa afisa utumishi, na sasa nikiwa mstaafu anayealikwa kukamilisha idadi ya wajumbe. Nimewapa watu 4 kwa sababu mikono ilitetemeka. Nimewapa wengine 14 kwa sababu waliingia wakitabasamu. Mtu angeniuliza ile 4 imepima nini katika kazi tuliyokuwa tunaajiri, ningebaki kukohoa.

Nitawasimulia siku iliyonitoa kwenye usingizi huo. Tulikuwa tunatafuta mhasibu msaidizi, katika taasisi ambayo sitaitaja. Aliingia dada mmoja, akaamkia watu watano mmoja mmoja, akakaa kwenye ncha ya kiti. Mwenyekiti akaanza kama tulivyozoea: "Tueleze kwa kifupi kuhusu wewe." Akataja jina, akataja wilaya aliyozaliwa, sauti ikakauka. Swali la pili, "Kwa nini tukuchague wewe na siyo hao wengine waliopo nje?" Akatazama sakafu. Tulimaliza maswali sita kwa dakika tisa, fomu zikasainiwa, jumla 41 kati ya 100. Kiwango chetu cha kufaulu kilikuwa 50.

Kabla hajaruhusiwa kutoka, umeme ukakatika. Mwenyekiti akatoka na simu yake, wajumbe wakafuata hewa barazani, mimi nikabaki naye kwenye giza la mapazia. Pembeni yangu palikuwa na taarifa ya benki na kitabu cha fedha cha mwezi uliopita, vilivyomsumbua mhasibu wetu siku mbili. Ili tu kimya kisitutafune nikamlalamikia kwamba hesabu zimekataa. (Najua, haikuwa sahihi kumwonyesha mtu wa nje vitabu vya ofisi. Nakiri.) Akavuta karatasi hadi dirishani. Baada ya dakika kama nne akasema, "Samahani baba, hii hundi ya tarehe 14 imeandikwa mara mbili. Hapa wametumia namba ya hundi, huku chini wametumia namba ya hati ya malipo, ndiyo maana haionekani haraka." Sauti ilikuwa nyingine kabisa. Akaendelea kunieleza jinsi angeweka safu ya ziada ili isitokee tena. Umeme ukarudi, wajumbe wakarudi, na yeye akarudi kwenye ncha ya kiti.

Hatukumwajiri. Alama zilikuwa zimesainiwa, na mimi niliyemwona kwa dirisha nilinyamaza, jambo ambalo hakuna aliyenitoza alama kwa ajili yake.

Baada ya hapo nilianza kujiuliza maswali yetu yanamtaka mtu afanye nini hasa. "Kwa nini tukuchague wewe?" maana yake ni: jisifu mbele ya watu wazima usiowajua, huku ukijilinganisha na wenzako uliokaa nao kwenye benchi tangu asubuhi. Vijana wengi tunaowahoji wamelelewa kinyume cha hapo. Mkubwa anapoongea unainamisha macho, sifa zako zinasemwa na wengine, na kazi iliyofanywa na kundi inaitwa "tulifanya" hata kama wewe ndiye uliyekesha. Kisha siku moja, akiwa na shati la kuazima, tunamtaka aivunje adabu hiyo yote kwa dakika mbili, na asipoiweza tunaandika "hajiamini". Mwenye haya kwa asili anaumia zaidi, kwa kuwa adabu na hofu vinamkaba kwa pamoja.

Wataalamu wamelitazama jambo hili kwa karibu. Mwaka 2016, Amanda Feiler na Deborah Powell wa Kanada walichunguza ni dalili zipi za wasiwasi zinazomshushia msailiwa alama. Ungedhani ni kutetemeka, kuchezea vidole na jasho. Waliloliona ni kwamba wasaili huathiriwa zaidi na mtu anayeongea polepole, na anayeonekana kukosa uchangamfu na msimamo. Kwa lugha yetu, tunawaadhibu watu kwa mwendo wa ulimi. Kwa mtangazaji wa mpira sawa. Kwa mtu atakayekaa na leja kutwa nzima, mwendo wa ulimi hauongezi wala kupunguza shilingi.

Ombi langu ni mgeuze mpangilio: kazi itangulie, maneno yafuate, na maneno yenyewe yaanzie kwenye kazi hiyo. Nitawaonyesha tulivyofanya katika duru iliyofuata, kwa nafasi ile ile ya mhasibu msaidizi.

Nilitengeneza karatasi moja. Upande wa kushoto kulikuwa na kurasa za kitabu cha fedha cha mwezi wa kubuni, mistari kumi na miwili. Upande wa kulia taarifa ya benki ya mwezi huo huo. Kitabu kinasema tumebaki na shilingi 4,889,000, benki inasema 5,310,500. Maelekezo yalikuwa sentensi mbili: tafuta kiasi sahihi na ueleze tofauti imetoka wapi, kisha mwandikie mhasibu mkuu ujumbe wa mistari mitatu kuhusu jambo lolote ambalo ungependa alijue leo. Muda dakika 25, kikokotoo kinaruhusiwa, chumba cha pembeni, wasailiwa sita kwa pamoja, kila mmoja na meza yake. Msimamizi alikaa mlangoni akisoma gazeti. Hilo la gazeti nililisisitiza, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi akisimamiwa kisogoni anahesabu viatu vya msimamizi badala ya fedha.

Nilificha sababu nne. Kuna hundi ya 620,000 iliyotolewa tarehe 29 ambayo mwenyewe hajaipeleka benki. Kuna 150,000 tuliyoweka tarehe 31 jioni, benki ikaiingiza siku iliyofuata. Kuna makato ya benki 21,500 ambayo kitabu hakiyajui. Hizo tatu anaziona mtu yeyote aliyefundishwa. Ya nne ni hundi ya 85,000 ambayo karani wetu wa kubuni aliiandika 58,000. Ukiondoa 620,000 kwenye benki na kuongeza 150,000, unapata 4,840,500. Ukiondoa makato kwenye kitabu unapata 4,867,500. Zinabaki 27,000 zisizo na maelezo, na hapo ndipo nilitaka kuona kila mtu anafanya nini.

Mwenyekiti alikubali karatasi yangu kwa sharti kwamba kwanza tuanze na mahojiano mafupi ya zamani, "ili tumjue mtu". Sikubishana, na baadaye nikashukuru, maana ilitupa watu wale wale katika hali mbili.

Kijana mmoja aliingia akatoa shikamoo tano. Alipoulizwa kuhusu yeye alifika mahali alipozaliwa akaganda, kama yule dada. Kwenye mstari wa kujiamini wajumbe walimpa, kati ya 15, alama 3, 5, 4, 4 na 6. Aliyemfuata aliongea kama mtu aliyealikwa kufungua semina, akatupa "uwajibikaji" na "matokeo chanya", akapata 13 na 14. Kisha wote wakaenda kwenye chumba cha pembeni.

Karatasi ya msemaji ilirudi na ile hundi ya 620,000 ikiwa imeongezwa kwenye salio la benki badala ya kuondolewa. Hilo ni kosa la msingi, si la haraka, kwa sababu hundi ambayo haijafika benki ndiyo inayoifanya benki ionekane tajiri kuliko sisi. Kwa kuwa pande mbili zilikataa kulingana, mwishoni aliandika "tofauti nyingine 1,213,000" akapiga mstari wa chini mara mbili. Kwenye ujumbe kwa mhasibu mkuu aliandika kwamba hesabu ziko katika hali nzuri.

Karatasi ya kijana wa shikamoo tano ilikuwa na 4,840,500 pande zote mbili. Pembeni, kwa penseli, alikuwa ameandika 27,000 ÷ 9 = 3,000. Ujumbe wake ulisema: "Hundi ya 85,000 imeandikwa 58,000 kitabuni. Nimerekebisha kwenye karatasi tu, naomba hati halisi ya malipo nihakikishe kabla ya kugusa kitabu."

Tulipomwita tena, sikumruhusu mtu yeyote aulize swali la jumla. Karatasi yake iliwekwa mezani, nikahamisha kiti changu nikakaa upande wa kona, ili sote wawili tuangalie karatasi na si nyuso. Nikamwambia, "Nionyeshe ulianzia wapi." Akaanza, polepole, kidole kikifuata mistari. "Nilitoa hizi tatu kwanza, mzee, kwa sababu zinaonekana. Zikabaki elfu ishirini na saba. Nikazigawa kwa tisa." Mwenyekiti akashindwa kuvumilia: "Kwa nini tisa?" Kijana akachukua kalamu, akaandika 85 na 58, akaeleza kwamba tarakimu mbili zilizo jirani zikibadilishana nafasi, tofauti yake lazima igawanyike kwa tisa bila baki, kwa hiyo akaacha kutafuta muamala uliosahaulika, akatafuta tarakimu zilizogeuzwa. Aliongea dakika mbili na zaidi bila kukatizwa. Mama aliyempa 3 asubuhi aliangalia fomu yake, akaangalia kijana, akaangalia tena fomu.

Kilichotokea pale hakikuwa muujiza. Mtu mwenye haya anapoulizwa kuhusu nafsi yake, jicho lake la ndani linageuka kujitazama: nimekaaje, sauti yangu ikoje, wananionaje. Nafasi ya kufikiri inaliwa na huko kujichungulia. Mpe kitu cha kutazama mkononi na jicho linatoka nje. Fundi cherehani mpe mshono uliopotoka, mteknolojia wa maabara mpe majibu mawili ya damu yanayopingana, mwalimu mpe daftari la mwanafunzi lenye makosa. Kisha muulize anachokiona.

Hata hivyo karatasi peke yake haitoshi, kwa sababu jopo linaweza kuiharibu kwa namna linavyouliza. Tatizo kubwa nililoliona kwetu ni kuogopa kimya. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, aliyesikiliza walimu darasani miaka ya 1960 na 1970, alikuta kwamba baada ya kuuliza swali mwalimu alisubiri wastani wa sekunde moja hivi kabla ya kuingilia. Waliposhawishiwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yakawa marefu, na "sijui" zikapungua. Rowe alitaka pia kimya cha pili, kile cha baada ya jibu, kwa sababu wengi huongeza lililo bora baada ya kupumua. Kaeni na saa kwenye jopo lenu mtaona hatuko mbali na hao walimu.

Tena sisi tuna tabia mbaya zaidi: msailiwa akinyamaza sekunde mbili, mjumbe wa pili analirudia swali kwa maneno mengine "ili kumsaidia". Humsaidii. Alikuwa amekaribia jibu la swali la kwanza, sasa anaanza upya na la pili, na katikati yao hajui ajibu lipi. Mimi huhesabu hadi saba kimoyomoyo nikiangalia karatasi yangu, si uso wake. Saba ni ndefu mno kwa jopo na ni fupi kwa anayefikiri. Anayeuliza awe mmoja, wengine waandike. Watu watano wakiuliza kwa zamu, mwenye wasiwasi anaanza kuwakadiria upya kila swali, kama mtu anayeamkia tena na tena.

Maswali ya nyongeza tuliyaandika kabla, sawa kwa wote, ili msaada usigeuke upendeleo. Yalikuwa matatu tu kwa kila swali: "Ilikuwaje, hatua kwa hatua?" "Hapo wewe mwenyewe ulishika sehemu gani?" "Nini kilienda vibaya?" Lile la pili ndilo linalofungua "tulifanya". Kijana wetu alisema kwenye mafunzo kwa vitendo "tulipanga hati za malipo za miaka miwili". Nilipouliza sehemu yake, kumbe wenzake watatu waliacha baada ya wiki ya kwanza. Asingeisema hiyo hata tungempa saa nzima ya kujieleza kwa jumla.

Na akiganda kabisa je? Msimwambie "usiogope". Ukimwambia hivyo umetangaza mbele ya jopo zima kwamba anaogopa, na sasa ana kazi mbili, kujibu na kuficha. Msicheke hata kwa upole. Semeni tu, "Tutalirudia hilo," andikeni herufi R pembeni, muende kwenye swali linalohusu kitu anachokiona mezani, kisha mlirudie kweli. Mara nyingi herufi R husahaulika, na sifuri iliyowekwa kwa muda inabaki kuwa sifuri ya kudumu. Katika duru ile wasailiwa wanne walikuwa na R, na watatu kati yao walijibu vizuri mara ya pili.

Najua mnachotaka kuniuliza: nitajuaje kama kimya kinaficha ujuzi au kinaficha utupu? Ni swali la haki, kwa sababu kuna wanyamavu wasiojua kitu, na mimi nimewahi kumhurumia mmoja nikajuta.

Tazameni mambo yanavyobadilika ndani ya mahojiano yenyewe. Mwenye wasiwasi anayejua kazi huanza vibaya na kupanda. Dakika ya kumi na tano si yule wa dakika ya pili. Asiyejua hubaki pale pale hata akishatulia, tena wengine huchangamka kabisa huku majibu yakibaki matupu. Pili, msogezeni kutoka jumla kwenda kitu kimoja. Mjuzi mwenye haya, ukimwuliza kuhusu hundi moja ya siku moja, anapata maneno: namba, tarehe, nani alisaini, kwa nini ilikwama. Asiyejua, kadiri unavyoingia ndani, ndivyo anavyokimbilia nje kwenye maneno ya jumla, "nilihakikisha taratibu zinafuatwa". Tatu, angalieni aina ya makosa. Hofu huvuruga mpangilio: anaanza katikati, anasahau jina la fomu, anarudia neno. Haimfanyi mtu aongeze hundi ambayo angepaswa kuitoa, kisha akiulizwa dakika kumi baadaye aitetee. Ukimwonyesha mwenye wasiwasi kosa lake kwa utulivu analikamata haraka, na mara nyingi anakuonyesha na lingine ambalo wewe hukuliona.

Yule niliyemhurumia nilimpandisha alama kwa kimya chake, bila hata karatasi moja ya kazi. Huo ulikuwa ubahatishaji ule ule, upande wa pili.

Sasa kuhusu mstari wa fomu. Nafasi ya "Kujiamini" tuliweka mambo matatu, kila moja na maelezo ya alama 1, 3 na 5 yanavyoonekana. Kwa mfano kwenye "Kutoa taarifa ya tatizo", alama 1 ni anayelificha au kulisawazisha kwa namba ya kubuni. 3 ni anayelitaja bila kusema limetoka wapi. 5 ni anayelitaja, anaonyesha chanzo, na anasema anahitaji nini kabla ya kurekebisha. Kwa kipimo hicho msemaji wetu alipata 1 kwa ile 1,213,000 yake, na kijana alipata 5 kwa maandishi yake ya mistari mitatu. Kila mjumbe anajaza jibu kwa jibu, peke yake, kabla ya mazungumzo yoyote, kwa sababu mwenyekiti akishasema "huyu hapana" kila kalamu inashuka.

Usidhani haya ni mahaba yangu tu ya uzeeni. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipitia upya mahesabu ya tafiti za miongo mingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Usaili wenye maswali yaliyopangwa na alama zilizoainishwa ulikaa juu ya orodha kwa kutabiri utendaji kazini. Vipimo vya ujuzi wa kazi vilifuata kwa karibu sana, na majaribio ya kufanya kazi yenyewe hayakuwa mbali. Usaili wa kuongea tu, kila mmoja na swali lililomjia kichwani, uliachwa nyuma sana.

Kuna mipaka, na nisipoitaja mtaitaja ninyi. Kama mnaajiri mtu wa mapokezi, afisa mauzo au msemaji wa taasisi, kuongea na wageni ni kazi yenyewe. Pimeni kuongea, lakini kule kunakofanana na kazi: mpeni mteja mwenye hasira ambaye bili yake imezidi, mjumbe mmoja aigize. Nimeona wenye haya mbele ya jopo wakawa hodari mbele ya mteja, kwa sababu mteja ana shida ya kutatuliwa na jopo lina hukumu ya kutoa. Na hata mhasibu lazima aweze kumwambia mkubwa kwamba fedha hazitoshi. Ndiyo maana tuliweka ule ujumbe wa mistari mitatu. Kuna wanaoweza kuandika lakini wakiitwa ofisini wanakubali kila kitu. Kwa hao swali moja la ziada linafaa: "Bosi anakwambia weka tu sahihi, tutarekebisha kesho. Utamwambiaje, kwa maneno yako?" Kijana wetu alichukua sekunde nyingi hapo. Akasema, "Nitamwomba aandike kwa mkono wake kwamba ameniagiza." Sauti ndogo, lakini tuliisikia wote watano.

Yapo na madogo ya nje ya chumba. Msiwaite watu arobaini saa moja asubuhi ilhali wa mwisho ataingia saa tisa alasiri. Wengine wamesafiri usiku kucha, na kusubiri kunamla mwenye wasiwasi kuliko swali lolote. Wapeni saa tofauti. Vyeti vikaguliwe siku ya kabla au na karani wa mlangoni, ili suala la jina linalotofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne lisiwe salamu ya kwanza ya jopo. Kwenye barua ya kuitwa andikeni jopo lina watu wangapi, itachukua muda gani, na kwamba kutakuwa na karatasi ya kazi. Na lugha: kama ofisi inafanya kazi kwa Kiswahili, msimhoji mtu kwa Kiingereza ili kumpima uhasibu. Achague, na ajue kabla ya siku kwamba anaruhusiwa kuchagua. Nusu ya ugandaji ninaoukumbuka ulikuwa mtu anayetafuta kitenzi.

Gharama? Tulikuwa na wasailiwa kumi na wawili. Sita sita kwenye chumba cha pembeni ni mikupuo miwili, chini ya saa moja yote. Kusahihisha ilikuwa dakika tano kwa karatasi. Mahojiano ya dakika 20 kwa kila mmoja yalitumaliza kwa saa nne. Siku za nyuma tulikuwa tukimaliza jioni ile ile.

Kwa hiyo ninachowaomba kabla ya duru yenu ijayo ni fomu. Chukueni ile mnayoitumia sasa, mtafute huo mstari, mmuulize kila mjumbe aandike kwa sentensi moja mtu mwenye alama 4 kati ya 15 atashindwa kufanya nini kazini siku ya Jumatatu. Sentensi zikitofautiana, futeni mstari.

Kijana tulimpa nafasi. Mwisho wa mahojiano yake mwenyekiti alimuuliza kama ana swali, kama tunavyowauliza wote, na wote huuliza majibu yatatoka lini. Yeye aliinua macho, mara ya kwanza siku nzima, akamtazama mwenyekiti. "Samahani mzee. Hizi elfu ishirini na saba, mlizipanda makusudi au zilitokea kweli hapa?"

Wenu,
Afisa utumishi mstaafu, mjumbe wa majopo ya usaili